Umefeli Tesiti ya Kwanza ya Kalkulasi: Maswali Mnayoniuliza Kila Mwaka

Mdogo wangu,

Matokeo yamebandikwa Ijumaa, na Jumatatu asubuhi kulikuwa na foleni mlangoni kwangu. Kila anayeingia anaanza na "Shikamoo Madam", anakaa, anaikunja skripti yake mara nne, halafu anauliza jambo ambalo aliyemtangulia ameshauliza. Miaka miwili iliyopita nilimwandikia barua kijana mmoja wa mwaka wa kwanza aliyepata 9 kati ya 30. Wenzake waliiona wakaiomba, kwa hiyo nimeipanga upya kwa kufuata maswali yenu. Skripti yake nimeitumia kwa ruhusa yake. Jina lake halikuhusu.

Nimepata 9 kati ya 30. Kozi si ndiyo imeshakwisha?

Tupige hesabu kabla ya kulia. Kwenye kozi yangu kosiweki ni maksi 40: tesiti ya kwanza 15, ya pili 15, na mazoezi ya nyumbani 10. Mtihani wa mwisho, yaani UE, una maksi 60. Hiyo 9 kati ya 30 ikigeuzwa inakuwa 4.5 kati ya 15. Umepoteza maksi 10.5 katika 100, na hizo hazirudi. Zilizobaki mezani bado ni 85.

Chukua makadirio ya mtu wa kawaida. Tesiti ya pili upate 9.5 kati ya 15, mazoezi 7 kati ya 10. Kosiweki yako inakuwa 21. Ili ufikishe 50 unahitaji 29 kati ya 60 kwenye UE, na ili ufikishe 60 unahitaji 39. Ni mlima, lakini watu huupanda. Kinachowapeleka wengi kwenye sapu ni kuingia tesiti ya pili na makosa yaleyale ya kwanza, kwa sababu mada za pili zinajengwa juu ya za kwanza. Kalkulasi haina mada unayoweza kuiruka ukaendelea na nyingine.

Pitia kabrasha la kozi yako lakini. Vyuo vingine vinadai kiwango cha chini kwenye UE peke yake, na hapo hesabu hubadilika.

Nilisoma usiku kucha wiki nzima. Mbona nimefeli?

Swali hili huwa nalijibu kwa kuomba daftari. Mara nyingi ninakuta daftari safi, mifano yote ya lekcha imenakiliwa, mingine imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Ninachukua mfano wa wiki iliyopita, naufunika kwa mkono, nakupa karatasi tupu: fanya. Unaandika mstari wa kwanza, wa pili, halafu unanitazama.

Ukisoma suluhisho lililokamilika, kila mstari unaonekana wa haki kwa sababu uliotangulia umeshakupa njia. Ni kama kumfuata mwenyeji katikati ya Kariakoo. Kila kona unaona "ah, hapa tunapinda", na unafika dukani bila shida. Kesho yake ukienda peke yako unajikuta unamuuliza muuza maji. Macho yako yaliitambua njia, lakini hukuwahi kuamua wewe mwenyewe wapi pa kupinda. Tesiti inapima kule kuamua.

Nianzie wapi?

Uanzie kwenye skripti yako, wala usikimbilie kitabu kipya. Najua hutaki kuiangalia. Iache siku moja, kesho yake kaa na karatasi safi ufanye tesiti yote upya bila daftari na bila saa. Ukimaliza ndipo uzilinganishe hizo mbili. Swali ambalo ulilikosa chumbani mwa mtihani ukalipata nyumbani lina ugonjwa tofauti na swali ulilolikosa mara zote mbili.

Halafu hesabu maksi ulizopoteza, moja moja, kwa kuuliza kila mahali: hapa niliangushwa na nini? Nitakuonyesha kwa skripti ya yule kijana. Maswali yalikuwa 5, kila moja maksi 6, muda dakika 60.

Swali la 1 lilitaka limiti ya (x² − 5x + 6)/(x² − 4) x inapokaribia 2. Aliona kwamba ukiweka 2 unapata 0/0, vizuri kabisa. Kisha akakata x² ya juu na x² ya chini, akabaki na (−5x + 6)/(−4), akaweka 2, akapata 1. Maksi 2. Jibu sahihi linatokana na vigawo: juu ni (x − 2)(x − 3), chini ni (x − 2)(x + 2). Kinachokatika ni (x − 2), kwa sababu kinazidisha vyote vilivyo juu na vyote vilivyo chini. Inabaki (x − 3)/(x + 2), na jibu ni −1/4.

Swali la 2 lilitaka derivativu ya 1/x kwa njia ya msingi, ile ya h kwenda sifuri. Aliandika maana yenyewe vizuri, akapata maksi 2, kisha akaandika kwamba 1/(x + h) ni sawa na 1/x + 1/h. Kutoka hapo akapata 1/h², akaona inakua bila kikomo, akajua kuna kitu hakijakaa sawa, akafuta. Alifuta kurasa mbili. Dakika 25 zikaenda.

Swali la 3 lilikuwa na funksheni tatu za kutafutia derivativu. Alipata 3 kati ya 6. Kwenye (3x² + 1)⁵ aliandika 5(3x² + 1)⁴ akaishia hapo.

Swali la 4 lilimpa funksheni ya vipande viwili: x² + k pale x ilipo chini ya 1, na 3x kuanzia 1 kwenda juu. Atafute k ili mchoro usikatike. Yeye akatafuta derivativu za pande zote mbili, akaandika 2x = 3. Nilimpa maksi 2 kwa kutambua kwamba mambo yanatokea pale x = 1. Swali halikuhitaji derivativu hata kidogo. Pande mbili zikutane: 1 + k = 3, basi k = 2.

Swali la 5, mlinganyo wa tanjenti ya y = x³ − 2x pale x = 1, lilikuwa tupu.

Sasa jumlisha. Alipoteza maksi 21. Swali la 1 na la 2 zilikwenda 8, zote kwa aljebra ya sehemu, mambo ya sekondari. Kanuni za derivativu zilimgharimu 3. Kutoelewa swali linadai nini, 4. Na kukosa muda, 6. Lakini muda uliliwa na nini? Na zile kurasa mbili zilizofutwa za swali la 2, ambazo chanzo chake ni kosa moja la sehemu. Nyumbani, bila saa, swali la 5 alilifanya kwa dakika 7: derivativu ni 3x² − 2, mwinamo pale 1 ni 1, y ni −1, tanjenti ni y = x − 2.

Maana yake, maksi 14 kati ya 21 ziliondoka kwa aljebra au kwa sababu ya aljebra. Alikuja ofisini akiwa na hakika kwamba kalkulasi haipandi kichwani mwake, na kalkulasi yenyewe ilikuwa imemwangusha kwa maksi 7 tu. Hesabu yako inaweza kuwa tofauti na yake. Ifanye kabla hujaamua unaumwa nini.

Madam, yaani nirudi kwenye sehemu za form two?

Ndiyo, lakini usirudie kila kitu kuanzia ukurasa wa kwanza. Kazi yako ni kupata namna ya kujikamata mwenyewe unapokosea, na namna hiyo ipo, tena rahisi: weka namba.

Umeandika 1/(x + h) = 1/x + 1/h. Weka x = 3 na h = 5. Kushoto ni 1/8, yaani 0.125. Kulia ni 1/3 + 1/5, zaidi ya 0.5. Mstari huo ni wa uongo, usiendelee. Umeandika √(x² + 9) = x + 3. Weka 4: kushoto 5, kulia 7. Sekunde kumi. Yule kijana angefanya hivi angeokoa dakika 25.

Unapopima mstari wa aljebra, usichague 0, wala 1, wala 2. Namba hizo zinaficha makosa: 0 inafuta, 1 haibadiliki hata ukiipandisha kipeo gani, na 2 ukiijumlisha na 2 au ukiizidisha kwa 2 unapata kilekile. Tumia 3, 5 au 7.

Na limiti pia inakubali namba. Kwenye swali la 1 weka 2.01 mahali pa x. Juu unapata −0.0099, chini 0.0401, ukigawanya ni karibu −0.247. Jibu lake la 1 limeanguka hapohapo, na −1/4 linaonekana linakuja.

Kuna jambo moja la kuangalia. Namba inaweza kuthibitisha kwamba mstari ni wa uongo, lakini haiwezi kuthibitisha kwamba njia yako ni ya kweli. Mfano ninaoupenda, maana umeniumiza kichwa miaka mingi wakati wa kusahihisha: (x² − 9)/(x − 3). Mwanafunzi anakata x² kwa x anapata x, anakata −9 kwa −3 anapata 3, anaandika x + 3. Ni jibu sahihi! Ukiweka namba yoyote isipokuwa 3 linakubali. Mtu anaweza kumaliza form six akitembea na njia hiyo mfukoni na hakuna aliyemkamata. Ipeleke njia hiyohiyo kwenye (x² + 9)/(x + 3). Itakupa x + 3 tena. Weka x = 3: sehemu yenyewe ni 18/6, yaani 3, na yeye anasema 6. Kwa hiyo njia mpya ukiigundua, ijaribu kwenye maswali mawili matatu yasiyofanana kabla hujaiamini.

Kanuni ya mnyororo ndiyo inanimaliza. Nitajuaje pa kuitumia?

Jiulize: kama ningepewa x ni namba, nikaanza kukokotoa kwa mkono, tendo langu la mwisho lingekuwa lipi? Kwenye (3x² + 1)⁵ ungeanza kwa kupata kilicho ndani ya mabano, halafu mwisho kabisa ungepandisha kipeo cha 5. Tendo la mwisho ni kipeo, na ndani yake kuna kitu kisicho x tupu. Hapo ni mnyororo: shughulikia la nje, kisha zidisha kwa derivativu ya ndani. 5(3x² + 1)⁴ mara 6x, yaani 30x(3x² + 1)⁴.

Kwenye x² sin x tendo la mwisho ni kuzidisha, kwa hiyo ni kanuni ya zao. Kwenye sin(x²) tendo la mwisho ni sin, kwa hiyo ni mnyororo. Kwenye x² sin(5x) la mwisho ni kuzidisha, basi anza na kanuni ya zao, na mnyororo utaukuta njiani ukifika kwenye sin(5x). Anayechanganya hivi viwili mara nyingi anasoma kutoka kushoto kwenda kulia kama sentensi, badala ya kuangalia kipi kimezunguka kipi.

Jibu unalipima hivi. Kwa x = 1, jibu kamili linatoa 30 × 256 = 7680. Jibu la kijana linatoa 1280. Chukua kalkuleta: kokotoa (3x² + 1)⁵ pale 1.001, utoe thamani yake pale 1 ambayo ni 1024, ugawanye kwa 0.001. Utapata karibu 7707. Haiko sawasawa na 7680 kwa kuwa h yetu si sifuri, ila hakuna ubishi ni jibu gani kati ya yale mawili limekufa. Usiwe na tamaa ukaweka h ndogo mno, mfano sifuri kumi baada ya nukta. Tarakimu za kalkuleta zina ukomo, na ukitoa namba mbili zinazokaribia kulingana unabaki na takataka.

Kwa sin na cos kuna mtego mwingine. Andika sin(0.001) gawanya kwa 0.001. Ukiona karibu 1, uko kwenye radiani. Ukiona 0.01745, kalkuleta yako iko kwenye digrii, na kila upimaji wako wa derivativu utakuambia umekosea hata ukiwa umepatia. Kwenye fx-991MS mlizo nazo wengi, tafuta herufi ndogo D au R juu ya skrini.

Na kama uliandika derivativu ya zao kuwa ni zao la derivativu, jua kwamba Leibniz mwenyewe, mmoja wa wawili waliotuletea somo hili, alijiuliza hivyohivyo kwenye makaratasi yake ya Novemba 1675. Alijaribu kwa mfano, akaona haiwi. Nawe jaribu: x mara x. Derivativu ya kila moja ni 1, zao lake ni 1. Lakini x² ina derivativu 2x.

Nipe ratiba. Tumebakiza wiki tano.

Saa moja na robo kwa siku, siku sita kwa wiki, siku ya saba usiguse. Mpango huu ni wa madeni ya nyuma tu. Lekcha za sasa zina muda wake mwingine, na usizikose kwa kisingizio kwamba unajipanga.

Wiki ya kwanza, siku mbili ni za skripti kama nilivyoeleza. Siku nne zinazobaki ni aljebra: sehemu zenye herufi, vigawo, vipeo hasi na vya sehemu, vipeuo. Maswali 12 kwa siku yanatosha, lakini kila jibu lipimwe kwa namba, na kila kosa liingie kwenye daftari la makosa. Hakikisha unaweza kugeuza 1/√x kuwa x kwa kipeo cha −1/2 bila kufikiri, maana kwenye kanuni za derivativu utaombwa hivyo kila siku.

Wiki ya pili ni limiti na njia ya msingi. Chukua funksheni nne tu: x², x³, 1/x na √x. Zifanye kwa njia ya h mpaka mkono uwe mwepesi. Kwenye 1/x, kazi yote iko kwenye kuunganisha sehemu mbili ziwe na asili moja, na jibu ni −1/x². Kwenye √x, unazidisha juu na chini kwa √(x + h) + √x, na jibu ni 1/(2√x). Leo ukiifanya, irudie baada ya siku tatu, kisha baada ya siku kumi, kila mara kwenye karatasi tupu. Mwisho wa wiki kila moja isizidi dakika 10.

Wiki ya tatu ndiyo ninayoisisitiza, na ndiyo watu wanairuka. Kitabu kinakupa maswali 20 ya kanuni ya zao, halafu 20 ya mnyororo. Ukifanya hivyo hujifunzi kuchagua, kwa sababu kichwa cha ukurasa kimeshakuchagulia. Chukua maswali 20 kutoka sura tofauti, yachanganye, na siku ya kwanza usifanye hata moja. Andika tu pembeni ya kila swali tendo la mwisho ni lipi na kanuni ni ipi. Dakika 15. Sahihisha. Siku inayofuata ndiyo uyafanye.

Wiki ya nne, tanjenti na maswali ya maelezo, yakiwa yamechanganywa na mada mpya za lekcha. Hapa ndipo kosa la swali la 4 linapotibiwa. Kabla ya kuandika chochote, andika kwa Kiswahili, mstari mmoja, swali linataka nini. "Wanataka pande mbili zikutane pale 1." Aliyeandika mstari huo hawezi tena kuandika 2x = 3.

Wiki ya tano, tesiti mbili za majaribio, dakika 60 kila moja, simu ikiwa chumba kingine. Kila swali lina dakika 10. Zikiisha, acha nafasi, nenda linalofuata, dakika 10 za mwisho ndizo za kurudi. Swali la 2 la kijana lilikula mkate wa swali la 5 kwa kuwa hakuwa na sheria hii.

Daftari la makosa unalolisema liwe na nini?

Mistari mitatu kwa kila kosa: niliandika nini, kwa nini ilinivutia, na namba gani inaliumbua. Ule mstari wa katikati ndio wenye dawa. "Nilikata x² kwa sababu zimefanana" inakuambia kwamba unakata kwa macho. Ukiandika "uzembe", hujaandika kitu. Nimeona madaftari yenye neno uzembe mara thelathini, na kosa ni lile lile moja.

Tuna diskasheni kila jioni. Haitoshi?

Inategemea nani ameshika chaki. Kwenye diskasheni nyingi nilizopita nyuma yake pale chini ya mwembe, mmoja anasolvu na saba wananakili. Huyo mmoja anatoka na faida kubwa kuliko wote. Wekeni sheria: hakuna anayekuja bila kuwa amejaribu, na anayekwama ndiye anaandika ubaoni, wengine wanaruhusiwa kuuliza tu. Watu wanne wanatosha.

Na kusaka pasti pepa?

Zihifadhi kwa wiki ya tano. Ukizimaliza mapema kwa kusoma majibu ya watu, utakuwa umeharibu kipimo ulichokuwa nacho. Isitoshe, mimi hubadilisha namba na umbo la maswali, na wanaokariri ninawaona: wanajibu swali la mwaka jana.

Mimi nilisoma PCB, hesabu yangu ilikuwa BAM tu. Waliotoka PCM wameshayasoma haya yote. Nitashindanaje nao?

Kwenye wiki sita za kwanza kweli wamekutangulia, sitakudanganya. Wao wanarudia, wewe unakutana nayo mara ya kwanza kwa kina hiki. Ongeza wiki ya aljebra iwe siku kumi, na ubane wiki ya nne. Lakini nimewasahihisha wa PCM vilevile. Wengi wao wanajua kanuni na hawajui maana, na swali la 4 lile huwaangusha kwa wingi, kwa sababu mkono wao unakimbilia derivativu kabla macho hayajamaliza kusoma.

Nikate rufaa skripti ihesabiwe upya?

Kama kuna ukurasa haujasahihishwa au maksi zimejumlishwa vibaya, njoo leo, tunarekebisha hapohapo. Kama unataka maksi mbili za huruma kwenye swali la 2, hapana.

Nitajuaje kama mpango unafanya kazi kabla ya tesiti ya pili?

Mwisho wa wiki ya kwanza rudia tesiti ileile kwa saa. Ukiwa chini ya 18 kati ya 30, kwenye maswali ambayo umeshayaona mara mbili, basi bado unasoma tu, hujaanza kufanya. Mwisho wa wiki ya pili fungua daftari la makosa: kosa lililojitokeza mara ya tatu likiwa na sababu ileile halitibiki kwa mazoezi zaidi. Lilete kwangu. Mara nyingi nyuma yake kuna kitu kimoja ulichofundishwa vibaya miaka mingi iliyopita, na dakika tano zinatosha kukitoa.

Alama nyingine ni kwamba utaanza kufuta mapema. Zamani ulifuta kurasa mbili, sasa unafuta mstari mmoja.

Yule kijana aliishia wapi?

Tesiti ya pili alipata 19 kati ya 30, na alisahau derivativu ya ndani mara moja tena. Nilimwekea alama ya kicheko. Kosiweki yake ilikuwa 21, kwenye UE akapata 33 kati ya 60, jumla 54. Kwa kozi yetu hiyo ni B.

Nikija ofisini nije na nini?

Skripti yako, ile karatasi uliyoirudia nyumbani, na hesabu ya maksi ulizopoteza kwa kila sababu. Ukija mikono mitupu nitakupa karatasi tupu ukae kwenye benchi la nje uanze, na wengi wamemalizia hapohapo bila kuingia tena. Jumatano, saa 8 mpaka saa 10 mchana. Bisha hodi, mlango unagoma kidogo, usukume.